SAMBUSA ZINAVUJA MAFUTA? KABLA HUJABADILISHA UNGA, ANGALIA KARAI LAKO

Leo tunaongea na wale mnaouza vitafunwa kwa oda, hasa sambusa, maana malalamiko ya sambusa kuvuja mafuta yamekuwa mengi.

Kuna dada mmoja Dar anauza sambusa za nyama kwa WhatsApp. Alikuwa na oda ya ofisi moja, sambusa 60 kila Ijumaa, hela ya uhakika. Ijumaa moja mteja akamwandikia: "Dada sambusa zako tamu sana, ila mfuko ulilowa mafuta mpaka makaratasi ya kikao yakachafuka. Wiki ijayo tutajaribu kwingine kwanza." Ukipata ujumbe wa namna hiyo unajua kabisa mteja anaondoka, kakuaga kwa heshima tu.

Ushauri aliopewa na watu ulikuwa wa kila aina. Badilisha mafuta ya kupikia. Weka unga wa mchele kwenye manda. Zungushia tishu nyingi. Kilichofanya kazi ni kukaa pembeni ya jiko lake na kuangalia anavyokaanga mwanzo mpaka mwisho, tukiwa na kipimajoto cha jikoni na jagi la kupimia. Basi.

Kwanza tuelewane kitu kimoja, maana ukikijua hiki mengine yote yanajieleza. Yale mapovu unayoyaona ukitumbukiza sambusa kwenye karai sio mafuta yanayochemka. Ni maji. Maji yaliyo kwenye manda yanageuka mvuke, na ule mvuke unatoka kwa nguvu kuja nje. Wakati mvuke unatoka, mafuta hayapati nafasi ya kuingia, yanasukumwa. Kwa hiyo mapovu makali ndiyo mlinzi wako. Mafuta yakiwa na joto la kutosha, mlinzi anafanya kazi na manda inakauka haraka na kukaza. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu mapovu yanakuwa mawili matatu, manda inakaa laini muda mrefu, na mafuta yanaingia taratibu kama chai kwenye andazi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sehemu kubwa ya mafuta haiingii sambusa ikiwa ndani ya karai. Inaingia baada ya kuitoa. Ukiitoa, ule mvuke uliobaki kwenye ngozi unapoa na kusinyaa, unaacha nafasi tupu, na mafuta yaliyoshika juu yananyonywa kuingia ndani. Ndiyo maana sambusa inaweza kutoka inang'aa vizuri, baada ya dakika tano ukaikuta nzito. Hili tutalirudia kwenye kuchuja.

Sasa turudi kwa dada. Ana karai pana, jiko la gesi la kawaida, anaweka lita 2 za mafuta. Sambusa zake kila moja ina kama gramu 40. Anakaanga 20 kwa mkupuo ili amalize mapema, boda anasubiri.

Kabla hajatumbukiza, kipimajoto kilisoma nyuzi 171. Hapo hana kosa, sambusa inataka kati ya nyuzi 165 na 180. Akatumbukiza zote 20. Ndani ya dakika moja na nusu tukawa tunasoma 128! Gesi ameifungua mpaka mwisho, lakini moto wa jiko la nyumbani una kikomo chake. Zilikaa dakika 11 ndipo zikapata rangi, na muda wote huo mafuta hayakurudi hata nyuzi 160.

Yeye alishangaa. "Mbona mafuta yalikuwa ya moto kabisa?" Ni kweli yalikuwa ya moto, kabla ya sambusa. Joto la muhimu ni lile linalobaki baada ya kutumbukiza. Sambusa 20 za gramu 40 ni gramu 800 za chakula baridi ndani ya mafuta yasiyofika kilo 2. Ni sawa na kumwaga jagi la maji baridi kwenye ndoo ya maji ya kuoga, halafu ushangae kwa nini yamepoa.

Mkupuo uliofuata tukaweka sambusa 7 tu. Mafuta yalianza nyuzi 175, yakashuka mpaka 160, na baada ya dakika moja na kitu yalisharudi juu ya 165. Dakika 4 zimetoka, kavu, zina mlio ukizigonga na kucha. Manda zile zile, nyama ile ile, mafuta yale yale.

Najua unachowaza: saba saba nitamaliza saa ngapi? Tulipiga hesabu. Sambusa 60 kwa 20 ni mikupuo mitatu, kila mmoja dakika 11 na kusubiri mafuta yapande tena, jumla kama dakika 40. Kwa 7 ni mikupuo tisa, dakika 4 kukaanga na dakika moja na nusu kusubiri, jumla kama dakika 50. Umepoteza dakika 10. Mtu akikwambia utapoteza nusu siku, hajapima. Ila kama oda yako ni sambusa 300, hapo sikufichi, dakika zinajumlika. Dawa yake ni karai la pili kwenye jiko la pili. Kujaza karai moja mpaka sambusa zinapandana hakuokoi kitu.

Idadi ya 7 usiichukue kama amri. Karai lako ni tofauti, moto wako ni tofauti. Namna ya kujua idadi yako ni hii: tumbukiza chache, angalia mapovu. Yanatakiwa yaendelee kwa nguvu kuzunguka kila sambusa bila kutulia. Ukiona umeongeza sambusa moja na mapovu yote yamenyong'onyea, ile ya mwisho ndiyo iliyozidi. Na kwa macho, ukitazama karai kwa juu lazima uone mafuta matupu kati ya sambusa na sambusa, kama nusu ya uso wa mafuta iwe wazi. Sambusa zikigusana, pale zilipogusana hapakauki, na ndipo patakapolowa.

Hauna kipimajoto? Kile cha kidijitali chenye sindano kinapatikana kwenye maduka ya vyombo, na kwa mtu anayekaanga kila wiki ni chombo cha kazi kama mizani. Hakikisha tu kinapima zaidi ya nyuzi 200, maana kipimajoto cha homa hakifai kabisa na kitapasuka. Kama bado hujanunua, chukua kipande kidogo cha manda ukitumbukize. Kikizama na kukaa chini kwanza, bado. Kikipanda mara moja kikizungukwa na mapovu madogo ya haraka, weka. Kikigeuka kahawia ndani ya sekunde chache, au mafuta yanatoa moshi, punguza moto usubiri. Kipande cha mkate cha sentimita mbili na nusu kila upande nacho kinasaidia: kikipata rangi ya dhahabu kwa kama dakika moja, uko karibu na nyuzi 180. Na rudia kipimo kabla ya KILA mkupuo, usipime mara moja tu ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanaharibu. Mkupuo wa kwanza unatoka safi, wa pili unawekwa haraka mafuta hayajarudi, wa tatu ndio huo uliofika ofisini.

UNYEVU, ADUI ASIYEONEKANA

Baada ya kurekebisha idadi, sambusa zilikuwa nzuri zaidi lakini chache bado zilitoka nzito. Tukazipasua.

Hii kupasua ni kipimo kizuri sana, jaribu. Pasua sambusa katikati uangalie mafuta yako wapi. Kama yameloa ngozi nzima sawasawa na tumbo ni kavu, tatizo ni joto au msongamano. Kama ngozi ni nzuri ila ukipasua mafuta yanachuruzika kutoka tumboni, ile sambusa ina tundu. Na kama kuna upande mmoja tu laini, una vipele na umelowa, ule upande uliingia kwenye mafuta ukiwa na maji.

Za dada zilikuwa na vyote viwili vya mwisho, na chanzo kilikuwa kimoja: nyama yenye maji. Alikuwa anachanganya vitunguu vibichi na chumvi kwenye nyama ikiwa bado ya moto, halafu anafunga hapo hapo kwa sababu ya haraka. Sasa chumvi inavuta maji kutoka kwenye kitunguu, na moto wa nyama unatoa mvuke ndani ya manda. Manda inalowa kutokea ndani. Ule uji wa unga wa kugandishia hauwezi kushika kwenye manda iliyolowa, kona inaachia, mafuta yanaingia kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Alichobadilisha: nyama anakaanga mpaka maji yote yakauke na usikie inalia kwenye sufuria, ukisogeza mwiko chini hakuna mchuzi unaorudi. Vitunguu anakatakata, anaweka chumvi kidogo, anaacha dakika 10, anakamua kwa mkono ndipo anachanganya. Utashangaa maji yanayotoka. Kisha anatandaza nyama kwenye sinia ipoe kabisa kabla ya kufunga. Na kila sambusa anabana kona tatu kwa uji mzito, sio mwepesi kama maziwa, anaitazama kwa kuinua kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kwenye kona, ongeza uji.

Sambusa zilizofungwa anazipanga bila kupandana, juu ya sinia lililonyunyiziwa unga kidogo, amefunika kwa kitambaa kikavu. Mwanzo alikuwa anazirundika kwenye beseni na kufunika na mfuniko wa plastiki. Ukifunua, mfuniko una matone. Yale matone ndiyo yanayoingia kwenye karai yako.

Kama unadhani matone ni kitu kidogo, sikiliza hii. Maji kugeuka mvuke yanakula joto jingi mno. Kijiko kikubwa kimoja cha maji, mililita 15, kikiisha chote kuwa mvuke ndani ya lita 2 za mafuta, kinakula joto la karibu nyuzi 9. Kijiko kimoja tu. Sasa sambusa zilizojaa umande, au kuku ametolewa kwenye viungo anadondosha mchuzi, au viazi vimeoshwa vikatupwa hivyo hivyo, umeingiza vijiko vingapi? Na joto linalotumika kukausha hayo maji ya nje ndilo lililotakiwa kukausha ngozi. Ndiyo maana muuza chips mzoefu anaacha viazi vichuje na kuvipangusa na kitambaa kabla havijaona mafuta, na kuku anachujwa viungo halafu anapanguswa.

WANAOUZA ZA KUGANDISHA

Hapa nawaongelea wengi, kwa sababu sambusa za friza ndiyo biashara siku hizi, na mteja akikaanga mwenyewe zikalowa, lawama zinakuja kwako.

Sambusa iliyoganda inataka karibu mara mbili ya joto ambalo sambusa ya kawaida inataka, kwa sababu mafuta lazima kwanza yayeyushe barafu ndipo yaanze kukaanga. Kwa hiyo kama karai lako linabeba 7 za kawaida, za barafu weka 3 au 4. Usiziache ziyeyuke mezani kwanza. Zikiyeyuka zinatoka jasho, manda inakuwa kama karatasi iliyonyeshewa, zinagandana na kupasuka. Zitoe friza moja kwa moja, pangusa ile theluji nyeupe iliyoshika juu, tumbukiza taratibu. Theluji hiyo usiidharau, ikiingia kwenye mafuta ya moto yanaruka na kukuunguza, na karai lililojaa zaidi ya nusu linaweza kumwagika kwenye moto.

Joto lake liwe la chini kidogo ya zile mbichi, nyuzi 165 mpaka 170, ili ngozi isikimbie kupata rangi wakati katikati bado baridi. Pasua moja ya kwanza uhakikishe nyama inafuka mvuke. Maelekezo haya yaandike kwenye pakiti au mtumie mteja pamoja na picha ya oda. Mistari mitatu inatosha: usiyeyushe, kaanga chache, mafuta yawe ya moto kabla ya kila mkupuo.

Na upande wako wa kuandaa, gandisha kwanza zikiwa zimetandazwa kwenye sinia mpaka ziwe ngumu, ndipo uzitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Hewa nyingi kwenye mfuko ndiyo theluji nyingi.

UKISHATOA KWENYE MAFUTA

Nilisema mafuta mengi yanaingia baada ya kutoa. Kwa hiyo una kama nusu dakika hivi ya kufanya kazi kabla hayajanyonywa. Inua na kijiko cha matundu, tikisa mara tatu nne juu ya karai, sambusa ikiwa bado inafuka. Kisha isimamishe kwa kona kwenye chujio au wavu ili mafuta yashuke na hewa ipite chini. Tishu sio mbaya, kugusisha haraka kunasaidia, ila sambusa ikilazwa juu ya tishu iliyokwisha kulowa inakaa kwenye kidimbwi cha mafuta yake yenyewe, na mvuke wa chini unakosa pa kutokea. Dada alikuwa anazirundika 20 kwenye bakuli lenye tishu. Za chini zilikuwa zinapokea mafuta ya zote.

Kabla ya kufungasha subiri mvuke uishe. Kontena la plastiki likifungwa sambusa zikiwa za moto, mvuke unarudi kuwa maji, ngozi inalainika, na ule ukavu wote uliohangaikia unakufia njiani na boda. Boksi la karatasi lenye matundu ni bora, au mfuko wa kaki ulioachwa mdomo wazi kidogo. Panga kwa kusimamisha, na kama ni tabaka mbili weka karatasi kavu katikati.

Neno moja kuhusu mafuta yenyewe, maana nitaulizwa. Mafuta yaliyotumika mara nyingi yanakuwa mazito, yanashika kwenye chakula na kuchuja vibaya, kwa hiyo hata ukifanya yote haya bado yatakulowesha. Yakianza kutoa povu linalokaa juu bila kuvunjika, yakanata kwenye ukingo wa karai, au yakatoa moshi mapema kuliko kawaida, yamekwisha kazi. Ila mafuta mapya ya bei kubwa kwenye karai lililojazwa sambusa 20 yatakupa matokeo yale yale ya nyuzi 128.

Na hesabu ya hela ni hii. Siku ya kwanza tulipima mafuta ya dada kwenye jagi kabla na baada, yakiwa yamepoa na kuchujwa. Aliingiza lita 2, baada ya sambusa 60 zikabaki lita 1 na mililita 400. Mililita 600 zimeondoka, yaani 10 kwa kila sambusa, ukihesabu na kidogo kilichobaki kwenye vyombo. Wiki mbili baadaye, kwa sambusa 60 za kukaanga saba saba, nyama kavu, kona zimebanwa, zilibaki lita 1 na mililita 750. Ni kama mililita 4 kwa kila moja. Zidisha hizo mililita 350 kwa oda zako za mwezi na bei unayonunulia mafuta wewe, uone alikuwa anamgawia nani mafuta ya bure.

Ile ofisi alimtumia mwenye kuagiza sambusa 6 za kuonja, ndani ya mfuko wa kaki bila tishu hata moja. Mfuko ulifika mkavu. Ijumaa iliyofuata wakaagiza 40, sio 60, wanampima kwanza. Weka jagi lako karibu na jiko Jumamosi hii, pima mafuta kabla na baada, halafu uniandikie hapa chini yamepungua kiasi gani na ulikaanga ngapi kwa mkupuo.